Posti 26 kwa Siku 30: Namna Tulivyopanga Mwezi Mmoja wa Matangazo ya Bekari Mpya Same

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, Same



Kamati tatu zimetuandikia zikiuliza jambo moja: mradi wa bekari umefunguliwa, tanuri lipo, mafundi wamefunzwa, je, tutawaambiaje watu? Kila kamati iliongeza kwamba vijana wamesema watu siku hizi wako kwenye simu. Ni kweli wako huko. Lakini kuwa na simu mkononi si sawa na kuwa na la kusema siku 30 mfululizo. Leo tutawaeleza jinsi tulivyopanga mwezi mmoja wa posti kwa bekari ya kikundi cha akina mama hapa Same mjini, baada ya kuanza vibaya. Jina la kikundi tunaliacha kwa ombi lao wenyewe.

Tulianza vibaya

Siku ya ufunguzi tulipiga picha nyingi. Kulikuwa na utepe, mgeni rasmi, kwaya na bango la shukrani kwa wafadhili. Wiki mbili zilizofuata tulizirudia picha hizo kwenye Status ya WhatsApp ya bekari, tukiongeza picha moja ya mkate wa slesi na bei yake. Picha hiyo ya mkate tuliirusha mara tisa bila kuibadilisha.

Siku ya kwanza waliotazama walikuwa 84. Siku ya kumi na mbili walikuwa 31. Wakati huo huo, kati ya skonzi 200 zilizookwa kila siku, takriban 50 zilikuwa zinalala. Mnajua skonzi iliyolala katika joto la Same inavyokuwa: kesho yake imekauka, na keshokutwa hata mtoto anaisukuma pembeni ya kikombe. Unga, hamira, sukari na mafuta vimeshalipiwa. Kikundi kilikuwa kinapoteza robo ya kazi yake kila siku, na marejesho ya mkopo yalikuwa yanasubiri mwisho wa mwezi.

Tulipokaa na akina mama tukagundua makosa matatu. La kwanza, picha za ufunguzi zilikuwa zinazungumza na wafadhili na viongozi. Mama anayetafuta kitafunwa cha chai ya jioni, utepe haumhusu. Picha hizo zina mahali pake, yaani katika taarifa ya mradi. La pili, tulikuwa tunaposti saa 3 usiku, wakati watu wengi wanatazama simu, lakini skonzi hutoka tanurini saa 9 alasiri. Mtu aliyeona picha usiku alikuja saa 2 asubuhi akakuta kabati halina skonzi, akaondoka na hasira. La tatu, waliokuwa wanatuona walikuwa wanakwaya na ndugu zetu wenyewe. Hili la tatu linahitaji maelezo.

Nani anaiona Status?

Wengi hawalijui jambo hili, nasi pia hatukulijua. Status ya WhatsApp haionekani na kila mtu. Kwa kawaida anaiona yule ambaye sisi tumehifadhi namba yake na yeye amehifadhi ya kwetu. Upande mmoja ukikosekana, haoni kitu. Tena Status hufutika yenyewe baada ya saa 24. Kwa hiyo bekari inaweza kuposti vizuri mwezi mzima na kuonwa na watu 40 walewale, ambao nusu yao wanakaa Moshi.

Basi kazi ya kwanza ya mpango wetu haikuwa picha, ilikuwa namba. Tuliweka daftari juu ya kaunta. Anayenunua anaulizwa kwa upole: “Mama, ungependa tukujulishe skonzi zinapotoka? Tuandikie namba, na ya kwetu ni hii hapa ukutani, ihifadhi kwa jina la bekari.” Akikubali, mhudumu anaihifadhi papo hapo. Asiyetaka haulizwi mara ya pili. Namba iliyoandikwa kwa ajili ya mkate isitumike kwa harambee, wala kwa kampeni, wala kupewa mwenye duka la jirani. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu tu.

Kuhusu kurasa nyingine, tuliamua kutojitawanya. Status ndiyo ya kila siku, kwa sababu anayeiona anaweza kufika dukani kwa miguu. Facebook tuliitengea siku moja tu kwa wiki, Alhamisi, kwa ajili ya watoto wetu walioko Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi. Hao hawawezi kununua skonzi, ila wanaweza kumwagizia mama keki ya siku yake ya kuzaliwa na kulipa kwa simu. Mtu mmoja mwenye simu moja hawezi kutunza kurasa nne, na ukurasa uliokufa humwambia mgeni kwamba na duka limekufa.

Kabla ya kuandika posti, sikiliza tanuri

Ndugu wajumbe, makosa mengi hutokana na kupanga posti kwa kuangalia kalenda peke yake. Sisi tulimwuliza kwanza fundi mkuu: nini kinatoka, kiasi gani, na saa ngapi? Majibu yake tuliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mpango.

Mikate ya slesi 60 hutoka alfajiri saa 11. Haikatwi wala kufungwa ikiwa ya moto, kwa kuwa mvuke ukibaki ndani ya mfuko mkate huota ukungu upesi. Hivyo inakuwa tayari kuuzwa saa 1 asubuhi, wakati ambao gari la Mbaga bado lipo stendi. Skonzi 200 hutoka saa 9 alasiri, na hizo huuzwa zikiwa za moto. Keki za kuagiza ni tatu tu kwa siku, wala hazizidi, maana tanuri ni moja na fundi wa mapambo ni mmoja.

Kutokana na majibu hayo tulipata saa za kuposti bila kubishana. Posti ya skonzi iende saa 8 mchana, saa moja kabla hazijatoka, ili mtu aliye kazini apange njia yake ya kurudi nyumbani. Posti ya mkate wa asubuhi iende jana yake saa 2 usiku. Posti isiyouza kitu cha saa hiyo, kama swali au maelezo, ndiyo yaweza kwenda usiku watu wanapopumzika.

Aidha, tulisikiliza mji wenyewe. Hapa Same na milimani, hasa upande wa Suji, ndugu zetu Wasabato ni wengi. Jua likizama Ijumaa hawanunui wala hawauzi hadi Jumamosi jioni. Posti ya “mkate wa wikiendi” ikienda Jumamosi asubuhi imewakosa wote. Kwa hiyo maagizo yao yanapokelewa Alhamisi na kuchukuliwa Ijumaa kabla ya saa 11 jioni. Ndugu zetu Waislamu nao mwezi wa Ramadhani hawahitaji skonzi za saa 4 asubuhi. Ukifika mwezi huo, uokaji na posti vyote husogezwa kuelekea futari. Bekari ni ya mji mzima, si ya usharika mmoja.

Mafungu matano

Tuligundua kuwa tulichoka kuposti kwa sababu tulikuwa na wazo moja tu, yaani “nunueni”. Tukagawa posti katika mafungu matano, kila fungu na siku yake.

Jumatatu ni Mikono. Hapa tunaonyesha kazi inavyofanyika: unga unavyopepetwa, donge linavyoumuka, tanuri linavyosafishwa. Mteja ambaye hajawahi kuingia jikoni anaona usafi kwa macho yake. Video ya sekunde 20 inatosha.

Jumanne ni Tanuri. Ni taarifa fupi ya kinachotoka leo na saa yake. Picha iwe ya siku hiyo hiyo, hata kama si nzuri sana.

Jumatano ni Swali. Tunauliza jambo ambalo jibu lake litabadilisha kazi yetu. “Mnaipendaje chai ya jioni?” ni swali la kupoteza muda. “Skonzi ziwe za sukari kidogo au kama zilivyo?” ni swali la kazi, kwa sababu kesho yake fundi atalifuata jibu.

Alhamisi ni Agizo. Keki, mikate ya shughuli, skonzi za mikutano na maagizo ya Ijumaa. Tunataja kiasi tunachoweza na saa ya mwisho ya kupokea.

Ijumaa ni Tanuri tena, lakini mapema, saa 4 asubuhi, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja.

Jumamosi ni Mezani. Tunaonyesha mkate ukiwa nyumbani kwa watu, au namna ya kuutunza na kuutumia. Sisi huku tumelelewa kwa makande, na mkate kwa wengi bado ni kitu cha mgeni. Usipomwonyesha mtu kwamba slesi zilizolala jana zinachovywa kwenye yai na kukaangwa, ataendelea kuununua sikukuu tu.

Jumapili tunanyamaza. Duka limefungwa, na kumwonyesha mtu mkate asioweza kuununua ni kumchokoza.

Mwezi wetu ulikuwa na siku 30 na ulianza Jumatatu, hivyo Jumapili zilikuwa nne, zikabaki siku 26. Hesabu ikawa hivi: Tanuri mara 9, Mikono mara 5, na Swali, Agizo na Mezani mara 4 kila moja. Posti zinazouza moja kwa moja, yaani Tanuri na Agizo, zikawa 13, na zisizouza moja kwa moja zikawa 13. Nusu kwa nusu. Zikizidi za kuuza, watu huzima Status yako wasiione tena, nawe hutaambiwa. Zikizidi za maelezo, watafurahi nawe na kununua kwingine.

Wiki nne na siku mbili

Mafungu yanajibu swali la leo tuseme nini. Lakini ili mwezi usiwe wiki moja iliyorudiwa mara nne, kila wiki tuliipa jambo lake.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kujulishana. Mikono ilionyesha kuwasha tanuri alfajiri. Tanuri ilitaja saa mbili za bekari, saa 1 asubuhi na saa 9 alasiri, maana saa hizo ndizo tulizotaka watu wazishike kuliko bei. Swali lilihusu sukari kwenye skonzi. Agizo lilieleza tu jinsi ya kuagiza. Mezani ilikuwa picha ya njia: barabara kuu, kona, mwembe, mlango. Msicheke, wateja wengi walikuwa hawajui mlango uko upande gani.

Wiki ya pili ilikuwa ya mkate wenyewe. Mikono ilionyesha kwa nini tunasubiri kabla ya kufunga mfuko. Mezani ilifundisha kutunza: mkate ukae mahali pakavu penye kivuli, mfuko umefungwa, na usiwekwe kwenye friji, maana ubaridi wa friji huufanya ugumu haraka zaidi kuliko kuuacha mezani. Posti hii ndiyo iliyosambazwa kuliko nyingine zote, na haikuwa na bei hata moja.

Wiki ya tatu ilikuwa ya mlimani. Tulijaribu skonzi za tangawizi, na tangawizi yenyewe ilitoka Mamba Miamba, ambako wakulima wetu wanaijua kuliko mtu yeyote. Mikono ilionyesha tangawizi ikitwangwa. Swali lilikuwa: “Gari la asubuhi likileta mikate 15 Mbaga, ishushwe duka gani?” Majibu yalikuja 11, mengi yakitaja duka moja, na hapo ndipo mikate inaposhushwa mpaka leo. Kama tungekaa kikao cha kamati kuliamua hilo tungetumia nusu siku na soda kreti mbili.

Wiki ya nne ilikuwa ya shughuli: keki za kipaimara, za harusi na za kuaga wachumba. Hapa tulitaja wazi kwamba keki ni tatu kwa siku na agizo lije siku tano kabla. Siku mbili zilizobaki, Jumatatu na Jumanne, tulizitumia kuwaambia wateja walichobadilisha: sukari imepunguzwa, skonzi za tangawizi zitakuwa kila Jumanne. Aliyejibu swali akaona kwamba alisikilizwa.

Maneno na picha

Maneno ya posti zote 17 zisizotegemea siku, yaani Mikono, Swali, Agizo na Mezani, tuliyaandika mapema kwa mkono katika daftari, kwa mikao miwili ya saa mbili mbili. Za Tanuri huwezi kuziandika mapema. Tuliandika umbo lake tu na kuacha nafasi ya saa na kiasi. Tunawasomea tatu ili mpate ladha yake.

Ya Tanuri: “Skonzi 200 zinatoka leo saa 9 alasiri. Jana ziliisha saa 11. Ukitaka tukuwekee, andika jina na idadi kabla ya saa 8 na nusu.”

Ya Agizo: “Kesho Ijumaa tunafunga maagizo mapema. Wanaochukua kabla ya jua kuzama, tuandikieni leo hadi saa 2 usiku. Mikate iliyobaki ya kuagizwa ni 20.”

Ya Mezani: “Mkate wa juzi usiutupe. Yai moja, maziwa kidogo, chumvi. Chovya slesi, kaanga kwa moto mdogo. Chai iwe tayari kabla.”

Mtaona kwamba kila moja ina jambo moja, nayo ya kuuza ina idadi na saa. Haina “bora kuliko wote”, haina alama kumi za mshangao.

Picha tulizipiga katika asubuhi mbili kati ya saa 1 na saa 3, karibu na mlango, kwa mwanga wa jua usiopiga moja kwa moja. Tanuri likifunguliwa mvuke huganda kwenye kioo cha kamera ya simu, na picha inakuwa kama ya ukungu wa Shengena. Subiri kidogo, futa kwa kitambaa kikavu, kisha piga. Nyuma ya mkate kusiwe na ndoo ya deki wala madumu.

Yaliyoharibika katikati ya mwezi

Jumanne ya wiki ya pili tulitangaza skonzi za saa 9, na saa 7 umeme ukakatika. Mhudumu aliogopa kusema, akanyamaza. Watu 14 walikuja bure. Tangu siku hiyo tuna posti ya akiba: “Umeme umekatika. Skonzi hazitatoka saa 9. Tutawajulisha zitakapoingia tanurini.” Taarifa mbaya inayofika kabla ya mtu kuvaa viatu humuudhi kidogo tu. Akifika mlangoni bure, unaweza kumpoteza kabisa.

Kosa jingine lilikuwa picha ya mtoto akila skonzi, nzuri sana, iliyopigwa dukani bila kumwuliza mtu. Baba yake aliiona akapiga simu. Tuliiondoa ndani ya dakika kumi na kwenda kumwomba radhi nyumbani kwake. Sasa picha ya mteja haipandishwi bila ruhusa yake, na ya mtoto bila ya mzazi.

La tatu ni la majibu. Simu ilikuwa kwa fundi, na fundi ana unga hadi kwenye viwiko. Maagizo ya asubuhi yalijibiwa jioni. Tukaihamishia kwa mhudumu wa kaunta, na tukaweka WhatsApp Business, ambayo ina sehemu ya “Quick replies” inayohifadhi majibu ya maswali yanayorudiwa kama bei, saa na njia.

Hapa kamati zinahitaji kuwa macho sana. Laini ya bekari isiwe ya mhudumu binafsi. Akiondoka, anaondoka na wateja wote mliowakusanya daftarini kwa miezi. Laini isajiliwe kwa jina la kikundi, na namba ya siri ya “Two-step verification” ndani ya WhatsApp itunzwe na mweka hazina katika bahasha. Daftari la namba libaki kaunta hata kama zote zimo kwenye simu. Mwaka 2025, wakati wa Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na wateja wake ndani ya simu tu hakuwa na la kufanya. Mwenye daftari alipiga simu za kawaida.

Tulijuaje kama imesaidia?

Idadi ya waliotazama Status huonekana kwenye simu, lakini msiishikilie sana. Aliyezima alama za kusoma ujumbe haonekani hata kama ametazama, na aliyetazama si lazima anunue. Sisi tuliangalia vitu viwili vya kaunta.

Cha kwanza ni mabaki. Kila jioni mhudumu aliandika skonzi zilizolala. Wiki ya kwanza ya mpango wastani ulikuwa 46 kwa siku. Wiki ya nne ulikuwa 15. Waliotazama walipanda kutoka 90 hadi 130 tu, si ongezeko la kushangaza. Tunaamini kilichobadilisha mambo zaidi ni saa ya posti kuliko wingi wa watazamaji.

Cha pili ni swali la mlangoni: “Umetufahamu wapi?” Mhudumu alipiga mstari chini ya Simu, Jirani au Kupita. Wiki ya nne, katika kila wateja kumi, takriban watatu walitaja simu. Saba waliletwa na jirani au na harufu. Tunalisema hili waziwazi kwa kamati na kwa marafiki wetu wanaosaidia miradi: simu haikuiokoa bekari peke yake. Kama skonzi zingekuwa mbaya, posti 26 zingewajulisha watu wengi zaidi kwamba ni mbaya.

Gharama nazo zilikuwepo. Bando la mwezi lililipwa na bekari na kuandikwa kwenye vitabu kama unga unavyoandikwa. Muda wa mhudumu ulikuwa takriban nusu saa kwa siku, ukitoa mikao ya kuandika na asubuhi za picha. Kikundi kisichoweza kutoa nusu saa hiyo kiposti mara tatu kwa wiki, Tanuri mbili na Agizo moja, kwa uaminifu, kuliko kuanza na sita na kufa wiki ya pili.

Tunachowaomba mfanye

Kamati zenye bekari zisianze na picha. Wiki hii mkae na fundi mwandike kinachotoka, kiasi chake na saa yake. Wiki ijayo muweke daftari kaunta mkusanye namba kwa ruhusa, na mhakikishe laini ni ya kikundi. Zikifika namba 60 zilizohifadhiwa pande zote mbili, chukueni karatasi, chorani siku 30, ondoeni Jumapili, na mgawe mafungu. Kisha kila jioni, kabla ya kufunga mlango, mtu mmoja ahesabu kilicholala.

Mwezi unaofuata mtuletee ukurasa huo wa mabaki. Huo ndio tutakaouweka katika taarifa ya robo mwaka kwa marafiki zetu, pamoja na picha moja ya utepe, kwa kuwa nayo ina mahali pake.

Skonzi za tangawizi ziko pale nyuma na chai i tayari. Ni za leo, tumehakikisha.